Kichujio cha Masizi Katika Malori ya Pamba

Msimu wa ununuzi wa pamba, ambao katika mkoa wetu wa Simiyu aghalabu hufunguliwa mwezi wa Mei, huyaleta barabarani malori madogo kwa wingi, na miongoni mwake yamo yale yaliyoundwa Japani tangu mwaka 2005 hivi na kufika kwetu yakiwa yamekwisha kutumika, Isuzu Elf na Mitsubishi Canter zikiwa mbele, ambayo mengi yake hubeba chini ya bodi chombo ambacho mwenye lori hakukifahamu mpaka siku ile taa ya rangi ya machungwa ilipomulika katika dashibodi, injini ikapoteza nguvu katikati ya safari, na fundi akatoa hukumu kwamba dawa yake ni kukikata na kukitupa. Chombo hicho ni kichujio cha masizi, ambacho mafundi wetu hukiita kwa herufi zake, DPF, na katika Isuzu kimeandikwa DPD. Napenda tukizungumze leo kwa utulivu, kwa sababu naamini kwamba vichujio vingi vinavyokatwa katika gereji za Bariadi, Maswa na Lamadi hukatwa vikiwa vizima, na kilichowakosesha wenyewe manufaa yake si ubovu bali ni kunyimwa joto.

Wajapani hawakukiweka chombo hicho kwa anasa. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari akiwa na chupa ya plastiki yenye masizi meusi yaliyotoka katika magari ya dizeli, akaitikisa ili kila mtu aone kinachoingia vifuani mwa watu wa mji wake; na mwezi wa Oktoba 2003 Tokyo pamoja na majimbo jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa yakapiga marufuku malori ya dizeli yasiyotimiza kipimo cha masizi kuingia katika maeneo yao. Wenye malori ya zamani ikawapasa kuyafunga vichujio au kuyauza, na viwanda vikaanza kuyaunda mapya yakiwa na vichujio tangu kiwandani. Miaka michache baadaye, Juni 2012, taasisi ya Umoja wa Mataifa inayochunguza maradhi ya saratani ikaamua kwamba moshi wa dizeli ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu pasi na shaka. Basi lori linaloshusha pamba leo katika uwanja wa kiwanda cha kuchambulia hapa Bariadi limekuja na amana ya sheria ya mji ulio mbali sana, na faida ya amana hiyo ni ya mapafu yetu.

Sasa tuingie ndani ya chombo chenyewe. Masizi ni kaboni ambayo haikupata hewa ya kutosha ya kuungua pale dizeli iliponyunyizwa katika silinda, na chembe yake moja ni ndogo kupita kiasi, kwani huwa kama sehemu moja katika kumi ya mikromita, na mikromita ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Kichujio ni pipa la chuma lililofungwa katika njia ya ekzosi, na ndani yake mna gogo la kauri, ambalo ukilitazama kwa mbele waliona kama sega la nyuki, lenye maelfu ya vijia vya pembe nne vinavyokwenda sambamba toka mwanzo hadi mwisho, kila kijia upana wake kama milimita moja na nusu. Hekima yote imo katika namna vijia hivyo vilivyozibwa, kwa maana kijia kilicho wazi mbele kimezibwa nyuma, na jirani yake aliye wazi nyuma amezibwa mbele, hata moshi uingiao hauna njia ya kutokea ila kupenya ukuta wa kauri uliopo baina ya vijia viwili, ukuta ambao unene wake ni kama theluthi ya milimita na ambao umejaa vinyweleo visivyoonekana kwa jicho.

Hapa pana jambo ambalo ni ajabu, nalo lastahili tulikawilie kidogo. Vinyweleo vya ukuta huo vina upana wa mikromita kumi hadi ishirini, maana yake ni vikubwa mara mia na zaidi kuliko chembe ya masizi, na mtu angeweza kudhani kwamba masizi yangepita humo pasipo kizuizi chochote. Hayapiti, kwa kuwa chembe ndogo namna hiyo haiendi njia iliyonyoka. Husukumwa huku na huku na molekuli za hewa, huyumba, na katika kuyumba kwake hugusa ukuta wa kinyweleo, na ikigusa hunasa. Zile za kwanza zikinasa huvipunguza vinyweleo, na zinazofuata hunasa juu ya wenzao, mpaka baada ya muda panajengeka juu ya ukuta utando mwembamba wa masizi, na tangu hapo utando huo wenyewe ndio unaochuja. Kwa hiyo kichujio kilicho safi kabisa huchuja vibaya kidogo kuliko kilichokwisha kutiwa masizi kiasi, na kinapokuwa katika hali yake njema huzuia zaidi ya asilimia 95 ya uzito wa masizi yanayotoka katika injini. Kitu kile kile tunachokilalamikia ndicho kinachokifanya kichujio kiwe kichujio.

Walakini utando huo hauna budi kuwa na kikomo. Ukizidi unene, moshi hupata taabu kupenya, injini hulazimika kuusukuma kwa nguvu, tabo huzidiwa, na dizeli hupotea bure. Fauka ya hayo, kaboni ni kuni, na kuni zikirundikana mno mahali pamoja, siku ya kuwaka huwaka kwa ghadhabu. Kwa sababu hiyo waundaji huweka kikomo cha gramu tano hadi nane hivi za masizi kwa kila lita ya ujazo wa kauri, na masizi yakifika kikomo hicho lazima yateketezwe.

Kuteketezwa kwake kuna njia mbili. Ya kwanza haina taa wala kelele, na dereva haijui kabisa. Mbele ya kichujio kimefungwa kichocheo chenye madini ya platini, ambacho hubadili sehemu ya gesi ya nitrojeni monoksidi iliyomo katika moshi iwe nitrojeni dioksidi, na gesi hiyo ina sifa ya kuila kaboni taratibu katika joto la nyuzi 250 hadi 400 za Selsiasi. Lori lililopakia mzigo mzito na kukaza mwendo katika lami hutoa moshi wenye joto hilo, na hivyo husafika lenyewe njia nzima. Ya pili ndiyo ile yenye taa. Oksijeni ya kawaida haiwezi kuyachoma masizi mpaka joto lifike nyuzi 550 hadi 650, na ekzosi ya dizeli haifiki huko kwa hiari yake. Basi kontroli boksi huamuru nozeli kunyunyiza dizeli kidogo kwa kuchelewa, pistoni ikiwa imekwisha kushuka, ili dizeli hiyo isiungue yote katika silinda bali iende na moshi hadi kwenye kichocheo, ikaungue pale, na harara yake iingie katika kichujio. Ndani ya dakika 15 hadi 20, kama hapana kilichoikatiza kazi hiyo, masizi hugeuka kuwa hewa ya ukaa na kwenda zake.

Kama hapana kilichoikatiza: maneno hayo ndiyo yaliyobeba msiba wa malori yetu. Tafadhalini nifuateni katika safari ya lori moja la Elf, nalo ni la mfano, katika wiki ya msimu. Asubuhi linatoka Bariadi mjini likiwa tupu, linaingia katika barabara ya changarawe kuelekea ghala la chama cha ushirika kijijini, mwendo wake haufiki kilomita 40 kwa saa kwa sababu ya mashimo na ng'ombe. Linapakia pamba mbegu, na pamba mbegu, kama kila mkulima wa Itilima na Meatu ajuavyo, hujaza bodi hadi juu ya kingo kabla haijawa na uzito wa kuitaabisha injini. Linarudi polepole, linafika katika kiwanda cha kuchambulia, linajipanga katika foleni, na dereva anaiacha injini ikinguruma saa nzima, akisogea hatua chache kila lori la mbele linaposogea. Katika hali hiyo ya kunguruma bila mwendo moshi wa dizeli una joto la nyuzi mia moja na kitu tu, joto lisiloweza kuichoma hata chembe moja, ilhali masizi yanaendelea kutoka.

Tupige hesabu ya kukadiria. Tuchukulie kwamba kichujio kina ujazo wa lita 10 na kikomo chake ni gramu 5 kwa lita, yaani gramu 50 kwa jumla, uzito wa vijiko vichache vikubwa vya sukari. Na tuchukulie kwamba kwa kazi ya namna hii injini inatoa gramu moja ya masizi kwa kila kilomita 10. Lori likienda kilomita 60 kwa siku, kichujio hujaa kwa siku nane au tisa. Siku ya tisa kontroli boksi inaanza kutia dizeli ya kuchelewa, joto linapanda, na dakika ya sita dereva anafika nyumbani kwake na kuzima injini. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa hivyo hivyo. Kila jaribio limekula dizeli na halikumaliza kazi, na mwisho taa inamulika kumtaka dereva mwenyewe asimame na kubonyeza kitufe, naye, kwa kutojua au kwa haraka ya kuwahi foleni, anaipuuza, mpaka gari linajipunguzia nguvu ili lijiokoe.

Lichukueni sasa lori lililo ndugu yake, la namna ile ile na mwaka ule ule, ambalo kazi yake ni kuchukua marobota ya pamba iliyokwisha kuchambuliwa kutoka Bariadi kupitia Lamadi hadi Mwanza. Robota limeshindiliwa, ni zito, na barabara ya Bariadi hadi Lamadi ni lami ya kilomita zipatazo 70, na kutoka Lamadi lami inaendelea. Injini inafanya kazi ya haki saa kadhaa bila kukatizwa, moshi una joto la nyuzi mia tatu na zaidi, na masizi yanaliwa kadiri yanavyoingia. Mwenye lori hilo atakuapia kwamba kichujio hakina matatizo, na mwenye lori la kwanza atakuapia kwamba ni balaa lililotoka Japani, na wote wawili wanasema kweli ya macho yao. Tafauti iko katika kazi, si katika chombo.

Dawa ya lori la kwanza, basi, ni kulipa joto kwa makusudi. Taa ya DPD inapomulika polepole, dereva atafute mahali pa wazi, asimame, aweke gia huru, avute hendibreki, abonyeze kitufe, na aiache injini. Itajipandisha mlio yenyewe, harufu ya moto itasikika, na baada ya muda niliokwisha kuutaja mlio utashuka na taa itazimika. Katika muda huo asikanyage mafuta wala klachi, maana akigusa kazi inakatika, na muhimu kuliko yote asizime injini. Nitawaeleza sababu yake, kwa kuwa ni ya hatari. Masizi yakiwa yamekwisha kushika moto, moshi unaopita ndio unaochukua harara na kuitoa nje. Injini ikizimwa, au ikiteremshwa ghafula, mkondo unapungua huku oksijeni ingali tele, harara inabaki ndani ya kauri, na katika kichujio kilichojaa kupita kiasi joto laweza kupita nyuzi elfu moja. Kauri hupasuka au huyeyuka katikati, na hapo ndipo kichujio kinapokuwa kibovu kwelikweli.

Mahali pa kusimamia pia pachaguliwe kwa hadhari. Moshi utokao wakati huo waweza kuwa na mamia ya nyuzi, na bomba lenyewe huwaka moto. Asifanye kazi hiyo juu ya nyasi kavu za kiangazi, wala karibu na nyumba ya makuti au majani, na nasisitiza kwa wenye viwanda na viongozi wa vyama vya msingi kwamba asifanye abadani ndani ya uwanja wa pamba, ambako nyuzi zimetapakaa chini na upepo unazivuta hadi chini ya malori. Kipande cha ardhi tupu nje ya lango, hatua mia mbali na mzigo wa mtu yeyote, kinatosha. Ni tadbiri isiyogharimu kitu, nami ningependa kuiona imeandikwa katika kibao cha kila lango.

Lakini kuna wakati taa yenyewe hudanganya. Nilipokuwa katika gereji moja hapa Bariadi alikuja kijana dereva na Elf yake, uso umekunjamana kwa uchovu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, kijana. Mbona asubuhi hivi?"

"Taa ya DPD, mzee wangu. Nabonyeza, inaungua mpaka inazimika, kesho yake inawaka tena. Bosi amesema uikate tu."

"Kukata ni kazi ya saa moja," akajibu mzee, akijifuta mikono, "kurudisha utauza lori. Ngoja kwanza niisome."

Akachomeka mashine ya kusomea gari, akafungua swichi bila kuwasha injini, akamwita kijana atazame. Juu ya kioo ilisomeka shinikizo la kilopaskali tatu katika kichujio. Injini haijawaka, hakuna moshi unaopita, lakini sensa inasema kuna msukumo. Mzee akaifungua sensa, akaisafisha mipira yake miwili kwa upepo, akairudisha, ikasema tatu tena. Akafunga nyingine, ikasema sifuri. Kijana alikuwa akiunguza kila siku kichujio ambacho hakikuwa na masizi ya kuungua.

Fundi huyo alifanya jambo ambalo kila fundi angepaswa kulifanya kwanza, nalo ni kuiuliza sensa kabla ya kukihukumu kichujio. Kontroli boksi haioni masizi. Huona tafauti ya shinikizo kati ya mbele na nyuma ya kauri, ambayo huletwa kwa mipira miwili myembamba hadi kwenye sensa, na kwa tafauti hiyo pamoja na hesabu za mwendo na dizeli hukisia kiasi cha masizi. Injini ikiwa haijawashwa, jibu lazima liwe sifuri. Ikinguruma bila mwendo, kichujio kizima husoma chini ya kilopaskali moja. Ikiwa mpira wa mbele umepasuka kwa harara au kwa kupigwa na changarawe, shinikizo huvujia njiani, kontroli boksi hudanganyika kwamba kichujio ni safi, haikichomi kwa wakati wake, na siku moja gari hukosa nguvu bila hata taa kutoa onyo. Kasoro mbili zenye sura mbili, na zote mbili huponywa kwa kitu cha bei ndogo kabisa ukilinganisha na kichujio.

Yapo pia maradhi yasiyo ya kichujio wala ya sensa. Lori linalojaza masizi upesi kuliko wenzake wa kazi moja linalalamikia injini, ambapo huenda nozeli zinavuja, huenda valvu inayorudisha moshi katika injini imekwama ikiwa wazi, huenda mpira wa hewa baada ya tabo umechanika. Na katika mkoa wetu, ambako vumbi la kiangazi hufuata kila lori, sababu ya karibu kabisa ni chujio la hewa lililoziba, kwa maana injini isiyopata hewa hutoa masizi zaidi kwa dizeli ile ile. Kufungua chujio la hewa na kulitazama mbele ya mwanga hakuhitaji mashine.

Sasa nije kwenye jambo linalochanganywa sana, nalo ni majivu. Masizi huungua, majivu hayaungui. Majivu hayatoki katika dizeli bali katika oili ya injini, ambayo hutiwa viungo vyenye kalisiamu, zinki na magnesi ili isafishe na kuilinda injini, na oili ikipenya kidogo kidogo ndani ya silinda na kuungua, madini hayo hubaki na kusukumwa hadi ndani ya kichujio, yakalala katika ncha za vijia vilivyozibwa. Hapana taa wala kitufe kitakachoyaondoa. Oili iliyotengenezwa kwa magari yenye kichujio cha masizi imewekewa mpaka, na kwenye dumu lake la malori husomeka `JASO DH-2`, au `API CJ-4`, au `API CK-4`, ikimaanisha kwamba majivu yake ni kama asilimia moja ya uzito. Ile ya zamani ya bei nafuu, yenye maandishi kama `CF-4`, haikuwekewa mpaka huo na yaweza kufika asilimia moja na nusu. Lori likila lita moja ya oili kwa kila kilomita 2,000, katika kilomita 100,000 limekula lita 50, ambazo kwa oili ya kwanza zina majivu yapatayo gramu 440, na kwa ya pili gramu 660. Hata kama si yote yanayofika katika kichujio, tafauti hiyo ni maisha yaliyopunguzwa kwa theluthi kwa sababu ya shilingi chache zilizookolewa dukani.

Dalili ya majivu ni kwamba kichujio kimechomwa sawasawa hadi mwisho, sensa imehakikishwa kuwa ni nzima, na hata hivyo shinikizo halishuki, na muda kati ya kuchoma na kuchoma unazidi kufupika mwezi hata mwezi. Hapo dawa ni kukifungua, kukisimamisha, na kukipuliza kwa upepo kutoka upande wa kutokea kuelekea upande wa kuingilia, ili majivu yarudi yalikotokea, fundi akiwa amefunika pua na mdomo. Wako wanaokisukutua kwa pampu ya maji ya nguvu, nami siwashauri, kwa sababu maji yenye shinikizo kubwa huweza kuyashindilia majivu katika ncha za vijia na kuharibu ule mkeka unaoishikilia kauri ndani ya pipa lake.

Kuhusu oili liko jambo jingine, nalo lawahusu pia wenye magari madogo, hususan Mazda CX-5 za dizeli zilizoingia nchini. Ile dizeli ya kuchelewa haiendi yote kwenye moshi. Sehemu yake huteleza katika kuta za silinda na kushuka kwenye oili, na kila uchomaji uliokatizwa huongeza nyingine. Oili basi, badala ya kupungua, huongezeka. Kwenye kijiti cha kupimia cha Mazda hizo kuna alama ya `X` juu ya alama ya kujaa, na oili ikikaribia hapo sharti ibadilishwe, hata kama kilomita zake hazijatimia. Dereva anayefurahi kuona kwamba gari lake halili oili, huku kijiti kikinuka dizeli, anaendesha injini ambayo vyuma vyake vinasuguana katika oili iliyopoteza uzito wake.

Dizeli yetu je? Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 katika milioni, na kabla ya hapo kwetu Tanzania kilikuwa 500. Japani ni 10. Salfa huidhoofisha ile platini ya kichocheo, na platini ikidhoofika ile njia ya kwanza ya kujisafisha kimyakimya hupungua, kazi yote ikaangukia njia ya pili. Kwa dizeli ya 50 kichujio huishi, ingawa kwa taabu kidogo zaidi kuliko kilivyokusudiwa. Kwa dizeli ya madumu ya kando ya barabara, ambayo hakuna ajuaye imechanganywa na nini, hakuna fundi awezaye kumdhaminia mtu.

Imebaki hukumu ya kukata. Najua wanaokata hawakati kwa ubaya. Lori limesimama, mzigo uko ghalani, na kichujio kipya ni fedha nyingi kuliko faida ya msimu. Lakini tazameni kinachofuata. Pipa linapasuliwa, kauri inavunjwa kwa nondo, pipa linachomelewa tena, na ikiwa kontroli boksi haikubadilishwa maagizo yake, inaendelea kutia dizeli ya kuchelewa kwa ajili ya kichujio ambacho hakipo, ikiipoteza dizeli na kuiharibu oili bila kuchoma chochote. Ikiwa imebadilishwa, lori linapata nguvu, na masizi yote yanatoka. Mtu atakaye kujua kama lori analolinunua bado lina kichujio kizima na apitishe kidole ndani ya mdomo wa ekzosi iliyopoa. Kikitoka na rangi ya kijivu au kikiwa safi, kichujio kinafanya kazi, na kikitoka cheusi kama kilichochovywa katika wino, kauri imevunjwa au imepasuka.

Nawaomba wenye malori, kabla pamba ya mwaka huu haijaanza kuteremka, wafanye mambo matatu ambayo hayafiki gharama ya tairi moja: wafungue chujio la hewa, wasome maandishi ya dumu la oili kabla ya kulilipia, na wampe dereva idhini ya kusimama dakika 20 taa inapomwita, bila kumgombeza kwa kuchelewa foleni. Na kwa mafundi ombi langu ni moja, kwamba asikatiwe mtu kichujio mpaka sensa imesomwa injini ikiwa imezimwa.